Magoti ya wachezaji wa volei na basiketi: maswali ile mnatuuliza kila mara hapa Goma

Niko nafundisha volei ya mabinti na mara ingine nasaidia ekipe ya basiketi ya vijana. Maswali hii ninayapata ku tereni, ku Watsapu, hata njiani kwa wazazi, sasa nimeyaandika pamoja ili kila mtu apate jibu kamili, si ile ya haraka haraka yenye natoa wakati filimbi iko mdomoni.

Kochi, goti inaharibika aje na hakuna mtu amenigusa?

Wengi wanafikiri goti inaumia juu ya kugongana. Mara mingi hapana. Mchezaji ameruka yeye peke yake, ameshika ribaundi ao amepiga atake, anarudi chini, na goti inaenda. Mu kati ya goti kuko kamba moja fupi, madokta wanaiita lijama kruaze ya mbele, na kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usisukumwe mbele na usizunguke vibaya chini ya mfupa wa paja. Ukitua na goti imenyooka, misuli kubwa ya mbele ya paja inakaza ili usianguke, na ikikaza wakati goti imenyooka inavuta muundi mbele. Hapo kamba tayari iko na mzigo. Sasa goti ikianguka upande wa ndani na unyayo umebaki nje, mzigo wa pili unaingia juu ya ule wa kwanza, na njo pale inakatika.

Yote hiyo inapita mu muda mdogo kuliko sekunde moja ukiigawa mara kumi. Kwa hiyo mtu akikuambia "fikiria goti yako wakati unatua", ni maneno ya bure, hautapata nafasi ya kufikiri, mwili utafanya tu ile umeuzoesha. Derrick Rose wa Chicago Bulls, tarehe 28 aprili 2012, mache ya kwanza ya pleofu na Philadelphia, alisimama kwa miguu mbili akitaka kuruka, hakuna mtu alimgonga, na lijama ya goti ya kushoto ikakatika. Mwaka 2011 alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa NBA. Nguvu alikuwa nayo ya kutosha, shida iko mu namna mguu unagusa chini siku ile, mu sekunde ile.

Nitajua aje kama natua vibaya? Mimi sisikii maumivu yoyote.

Kukosa maumivu hakuonyeshi kitu, lijama haiumi mbele ya kukatika. Paka ujiangalie, na telefone inatosha.

Tafuta kitu ya kimo cha sentimetre 30 hivi, ngazi ya simenti ama bloku za kujengea zimelala vizuri zisitikisike. Vaa kaptula, chora nukta na marka katikati ya pia ya goti, kila mguu nukta yake. Telefone iwekwe mbele yako metre tatu hivi, kimo cha magoti, iegemeze ku jiwe, na mawe Goma hatukosi. Jiangushe kutoka juu ya ile ngazi, miguu mbili iguse chini pamoja, na mara moja uruke juu na nguvu yako yote kama unaenda bloku. Fanya mara tano bila kupumzika sana. Kisha rudia kuangalia video polepole, na usimamishe picha pale goti imekunjika zaidi kuliko pote. Ile nukta iko juu ya vidole vya mguu? Sawa. Imeingia ndani, imepita kidole gumba kuelekea goti ingine? Ile njo shida yenyewe. Pima pia kutoka ubavuni, angalia wakati unyayo unagusa tu, goti isiwe imenyooka kama fimbo.

Kitu kimoja wengi wanasahau: usipime mu mwanzo peke, wakati mwili uko bado na nguvu. Pima tena mwisho wa antrenema. Tuko na binti mu ekipe yetu, miaka 17, anapiga atake poste ine, mkono wa kuume, hapa nitamuita namba 9. Mara ya kwanza na ya pili alitua safi kabisa, ya tatu goti ya kushoto ikaanza kuingia, ya tano magoti yakakaribia kugusana. Na mimi nilikuwa nimeanza kushuku mbele ya video, juu kila akitua masuke yake yote yaliruka juu na simenti ikalia "paa!" hata mtu wa ku barabara anageuka. Sikio ni kipimo kizuri. Mtu mwenye anatua na kelele nyingi, mshituko unaenda wapi? Unaenda ku goti.

Basi kutua vizuri ni aje?

Sehemu ya mbele ya unyayo iguse kwanza, kisigino kifuate, na wakati ule ule kifundo, goti na kiuno vikunjike vyote tatu pamoja. Matako yaende nyuma kidogo kama unataka kukaa ku kiti kifupi, kifua kiegemee mbele kidogo, magoti yaelekee kwenye vidole vinaelekea. Miguu iachane upana wa mabega. Ni hayo tu, na usiyaseme yote kwa mchezaji mara moja, atachanganyikiwa na atakuwa mgumu kama mti.

Mimi nimeona neno moja zuri linafanya kazi kuliko maelezo kumi. Nawaambia: "Tua kama uko na kikapo cha mayai ku kichwa." Mama zetu wanatoka Birere na mizigo ku kichwa wanapita juu ya mawe ya volkano na hawatikisike, kila binti ameona hiyo tangu utoto, mwili wake unaelewa. Ao nawaambia tu: "Sitaki kusikia miguu yako." Ukimwambia "kaza misuli hii, peleka goti nje" anaanza kufikiria goti na anasahau balo.

Tunaenda polepole. Juma mbili za kwanza, kuruka kidogo tu na kutua na kubaki pale pale sekunde tatu bila kusogea, mara nane, tunapumzika, mara nane tena. Akiyumba hakuna kuendelea. Kisha juma mbili za kuruka juu zaidi, na mwenzake anamrushia balo wakati yuko hewani, ili akili ikuwe ku balo na mwili utue peke yake. Kisha mguu mmoja mmoja. Mwisho, mwenzake anamsukuma bega kidogo wakati yuko juu, kidogo kabisa, juu mu mache mtu anakusukuma na hakuombi ruhusa. Namba 9 alichukua juma kumi mbele ya nukta yake ya kushoto kubaki mahali pake hata akiwa amechoka, na wengine wanachukua sita.

Mu volei natua kila mara na mguu wa kushoto peke yake. Ni tabia mbaya tu ama?

Hapa ninataka wachezaji wa atake wasome vizuri, na wapasere pia, juu wakochi wengi wanarekebisha mguu wakati kosa haiko ku mguu.

Kama unapiga na mkono wa kuume na balo imeenda nyuma ya kichwa chako ama upande wa kushoto, mwili unapinda kuifuata, kiuno kinainama, bega ya kuume inapanda, na ukishapiga mguu wa kushoto njo unakuwa chini zaidi, basi ni yeye anagusa kwanza, peke yake, na uzito wote wa mwili wenye umepinda. Hauwezi kutua na miguu mbili kutoka mu hali ile. Kwa hiyo kuambia mchezaji "tua na miguu mbili!" ni kumpigia kelele bure. Ya kurekebisha ni mbele: pasere alete balo mbele ya bega ya kuume, si juu ya kichwa, na mpigaji asianze kukimbia mapema sana mpaka anapita chini ya balo. Hatua yake ya mwisho ikikuwa ndefu na amesimama nyuma ya balo, atapiga mbele yake na atashuka amenyooka.

Kwa namba 9 tulihesabu atake ishirini mu antrenema moja: kumi na nne alitua na mguu wa kushoto peke. Hatukumgusa miguu. Tulimchelewesha kuanza kukimbia, akisubiri balo itoke mu mikono ya pasere, na tukaomba pasere asogeze balo mbele ya mwili kiasi cha mkono mmoja. Kisha juma tatu, mara sita ku ishirini. Haitafika sifuri, mu mache balo mbaya ziko kila siku, ndiyo maana mazoezi ya kutua mguu mmoja lazima yafanyike pia.

Kwa basiketi ni mambo ile ile ukitua kisha layapu ao ribaundi, ila pale hatari kubwa ni mguu wa mtu mwingine chini yako. Mlinzi, mwachie mwenye yuko hewani nafasi ya kushuka, tafadhali.

Kwa nini kochi anatusumbua na misuli ya nyuma ya paja? Kuruka si ni misuli ya mbele?

Kuruka ndiyo, ya mbele na matako. Lakini goti iko kama hema imefungwa kamba mbele na nyuma. Misuli ya mbele inavuta muundi mbele, ile ya nyuma, yenye makine, wale wanatibu misuli na viungo, wanaita iskio, inauvuta nyuma, kwa hiyo inasaidia kazi ya lijama kruaze. Mchezaji wa volei ama basiketi anafanya kila siku kazi ya misuli ya mbele bila kujua, anaruka, anachuchumaa, anapanda. Nyuma hakuna kitu. Unakuta mtu ako na paja kubwa mbele na nyuma ni laini.

Na kuna jambo moja la kuelewa: iskio inavuta muundi nyuma vizuri wakati goti imekunjika. Goti ikiwa karibu kunyooka, nguvu yake ya kuvuta nyuma inakuwa ndogo sana hata kama misuli ni ya chuma. Njo maana mazoezi ya iskio peke yake hayatakuokoa kama bado unatua na miguu ya fimbo. Vitu hivi viwili vinaenda pamoja, usiache kimoja.

Zoezi gani ya iskio, na hatuna sale ya misuli?

Ile tunafanya zaidi wanaita nordiki. Haihitaji kitu, paka mwenzako na kitu laini chini ya magoti, sisi tunakunja kitenge mara nne ama kipande cha matela.

Piga magoti, mwenzako akae nyuma akandamize vifundo vyako vya miguu chini na uzito wake wote. Mwili unyooke kutoka magoti mpaka kichwa, mikono mbele ya kifua. Sasa jiachilie uende mbele polepole, polepole kabisa, ukizuia na nyuma ya paja, mpaka pale hauwezi tena kuzuia, unaanguka na mikono inakupokea chini. Jisukume na mikono kurudi, usijivute. Kazi iko ku kushuka, ku kupanda haina maana.

Kosa yenye naona kila siku ni kuinama ku kiuno, matako yanabaki nyuma, mtu anashuka kama anasali. Pale iskio haifanyi kazi kubwa. Kosa ingine ni kuanguka tu kama gunia kwa sababu anaona haya kwamba hawezi. Hakuna haya, mwanzoni karibu wote wanaanguka mapema, njo namna inaanza. Kipimo cha kuendelea ni hiki: mtu asimame ubavuni aangalie ni pembe gani unashindwa. Mwezi wa kwanza utashindwa ukitoka kidogo tu, kisha utafika katikati, na siku moja utashuka karibu mpaka chini na bado unazuia.

Juma ya kwanza tunafanya siku moja tu, mara tano, kupumzika, mara tano. Juma ya pili siku mbili, mara sita na mara sita. Kutoka juma ya tatu, siku mbili, mara sita mpaka nane, tukirudia mara tatu. Usiruke hatua, juu ukianza na nyingi utaumwa nyuma ya paja siku mbili ao tatu, hautaweza hata kushuka ku moto, na hutarudi tena ku hiyo zoezi. Maumivu yale yanapungua sana kisha juma mbili tatu mwili ukizoea. Na usifanye kabisa siku moja mbele ya mache.

Kama uko peke yako nyumbani, chukua bido ya litre tano yenye maji, simama mguu mmoja, goti ikunjike kidogo tu, na uiname mbele kutoka ku kiuno mgongo ukiwa umenyooka, bido ikishuka karibu na muundi, kisha urudi. Mara nane kila mguu. Hiyo inafanyisha iskio upande wa kiuno na inafundisha goti kutulia, kwa hiyo mimi siichukui kama zoezi ya masikini, ni ya lazima hata kwa wenye wanafanya nordiki.

Kuruka mara ngapi ni mingi?

Hakuna namba moja ya kila mtu. Mingi ni ile inapita sana yenye mwili wako ulizoea. Kwa hiyo lazima ujue ulizoea ngapi, na hapo njo watu wanakosa, hakuna mwenye anahesabu.

Sisi tunahesabu hivi: mchezaji mwenye amepumzika ama ameumia anakaa pembeni na kitabu, anapewa wachezaji wawili wa kuangalia, kila kuruka kwa nguvu anaweka mstari. Atake, bloku, serivi ya kuruka, pase ya hewani. Kuruka kidogo kwa joto mwanzoni hatuhesabu. Kama hakuna mtu, mchezaji anakadiria mwenyewe kila drili. Haitakuwa safi kabisa, haidhuru, ilimradi ni namna moja kila juma.

Sasa mtaona ile ilimpata namba 9. Juma zake za kawaida zilikuwa hivi: antrenema tatu, moja 100, moja 120, moja 100, na mache moja karibu 80. Jumla 400. Ilipofika vakansi, tukasema masomo hakuna, tufanye siku tano, na wikendi kulikuwa turnua, mache mbili. Siku tano mara 110 inakuwa 550, mache mbili za 90 inakuwa 180, jumla 730. Karibu mara mbili kwa juma moja! Na yote juu ya simenti. Jumatatu yenye ilifuata akaniambia goti inamchoma chini ya pia wakati anashuka ngazi kwao Himbi. Kosa ile ilikuwa yangu mimi kochi, yeye aliruka kwa sababu mimi nilimuambia aruke.

Tangu pale tunafuata kipimo hiki: juma isipite ile iliyopita zaidi ya sehemu moja ya tano, na siku mbili za kuruka sana zisifuatane. Hii si sheria ya sayansi, ni kipimo cha kazi, lakini kinatufungua macho. Siku ya katikati tunafanya risepsio, difansi ya chini, serivi ya kusimama, kwa basiketi driblingi, kutupa balo bila kuruka na difansi ya miguu. Na ukitaka kukata, kata kwanza drili za bloku za kurudiarudia ku neti, kwa sababu zinakula kuruka nyingi na zinafundisha kidogo.

Ninaumwa pale chini ya pia ya goti. Niache kucheza?

Kwanza tujue ni nini. Weka kidole: kama inauma mahali pamoja padogo, ncha ya chini ya pia, inauma ukianza antrenema, inapungua ukipata joto, na inarudi usiku ama asubuhi, mara mingi ni tando ya goti, ile kamba yenye inafunga pia ku muundi, imechoka juu ya kuruka. Haivimbi goti yote. Hii si mambo ya lijama, na ni ya kawaida sana kwa watu wa kuruka, zaidi wa volei.

Kulala nyumbani mwezi mzima haitoshi, juu tando ikipumzika kabisa inakuwa dhaifu zaidi, na siku unarudi inauma tena. Inataka mzigo wenye kipimo. Kwa namba 9 tulianza na kukaa ku ukuta bila kiti, mgongo ku ukuta na magoti yamekunjika, sekunde 45, kupumzika dakika mbili, mara tano, karibu kila siku. Kisha juma mbili tukaongeza kuchuchumaa na mzigo polepole, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, mu mgongo kifuko chenye mchanga, siku moja ndani ya mbili.

Kuruka hakukukatwa yote, mpango ulikuwa kurudi 200 kwa juma, kisha 240, 285, 340, na juma ya tano 400. Sheria ya maumivu ni hii: ukiyapa namba kutoka 0 mpaka 10, mpaka 3 unaendelea, na kesho yake asubuhi uchuchumae mguu mmoja, kama inauma kuliko jana, basi ya jana ilikuwa mingi na ya leo tunapunguza. Lakini juma ya tatu, kwa 285, asubuhi ilipanda mpaka 5, tukarudi 240 juma moja, kisha tukaendelea. Haikuwa mstari ulionyooka, na kwa wengi haitakuwa.

Kwa watoto wa miaka 11 mpaka 14 hivi wenye wako nakomaa haraka, maumivu yanaweza kuwa chini zaidi, pale mbele, ku mwanzo wa mfupa wa muundi, na mara mingine panavimba kidogo kama nundu. Ni mahali mfupa unakua, punguza kuruka na uonyeshe dokta.

Ni kweli mabinti wanaumia lijama kuliko vijana?

Kweli, mu michezo ya kuruka na kugeuka binti anakatika lijama kruaze mara mbili tatu kuliko kijana wa mchezo ule ule, na hatari inapanda kisha kubalehe. Sababu wanazibishania bado, lakini moja iko wazi: urefu na uzito vinaongezeka haraka na nguvu ya kiuno na nyuma ya paja haifuati. Wazazi, msimtoe mtoto ku tereni juu ya hiyo. Kwa mabinti, mazoezi haya ya kutua na ya nguvu yanapunguza kuumia lijama karibu nusu, ila lazima yafanywe msimu wote, si juma mbili mbele ya shampiona.

Na tereni yetu ya simenti? Na jenuyere?

Simenti inaongeza mzigo ku tando, kwa hiyo hesabu ya kuruka inakuwa ya maana zaidi kwetu kuliko kwa wenye wanacheza ku mbao. Lakini ile inaniogopesha zaidi ni ile changarawe nyeusi ya volkano yenye upepo na viatu vinaleta juu ya tereni. Mguu unateleza kidogo, kisha unashika ghafla, na goti inazunguka. Fagio mbele ya kila antrenema, dakika tano, na anza na pale chini ya neti ama chini ya ringi. Viatu vya soko angalia soli, kama imelainika kama sahani acha.

Jenuyere ya sponji ya volei inakinga ngozi na mfupa ukianguka chini. Haishiki lijama hata kidogo.

Nimesikia "tak!" ndani ya goti. Nifanye nini?

Simama pale pale, mache imekwisha kwako. Goti ikivimba mu saa chache za kwanza, ao unahisi kama inaponyoka ukitaka kukanyaga, ama haikunjuki yote, chukua kuwa ni lijama ama menisike, kile kitu laini kiko katikati ya mifupa ya goti, mpaka dokta aseme hapana. Barafu kidogo ndani ya kitambaa, kifungo kisicho kaza sana, mguu juu, na hospitali. Usiende siku ile kwa mtu wa kukanda na kuvuta mguu, najua wako wazuri kwa mambo ingine, lakini goti yenye imejaa damu ndani ukiivuta unaongeza kuharibu. Radio inaonyesha mifupa, haionyeshi lijama, kwa hiyo wakisema "radio ni nzuri" na goti bado inaponyoka, omba dokta apime lijama kwa mikono.

Shida kubwa ni ile goti inatulia kisha juma tatu nne, uvimbe unaondoka, mchezaji anasema amepona, anarudi, inaponyoka tena, na safari hii menisike njo inaenda. Wenye wamefanyiwa operasio wasirudi mu mache mbele ya miezi 9, hata kama wanajisikia vizuri ku wa sita.

Haya yote tunayaweka wapi mu juma, na antrenema ni saa moja na nusu?

Kutua kunaingia mu joto, dakika kumi, kila antrenema, badala ya kuzunguka tereni mbio. Nordiki na bido, dakika kumi mwishoni. Kama mache ni jumamosi: jumatatu tunaruka kidogo na tunafanya nordiki, jumatano njo siku ya kuruka sana pamoja na nordiki ya pili, ijumaa ni serivi, risepsio na pase, kuruka kidogo, hakuna nordiki. Jumamosi usiku mwenye kitabu anajumlisha mistari ya kila mtu na ananitumia, na mimi napanga jumatatu nikiwa nimeona ile namba.